Mashine Imeandikwa 11, Gari Linakula 3.7

Kila nikikutana na mtu aliyeanza kuendesha gari la umeme, lalamiko huwa lile lile. Nyumbani gari linachaji bila tatizo, lakini akilichomeka kwenye mashine ya umma, ambayo kwa maandishi yake ina nguvu kuliko chaja ya nyumbani, linasuasua. Wengi huamini mashine ni mbovu, wengine huanza kuogopa kwamba betri imechoka. Mara nyingi vyote viwili ni vizima. Namba iliyobandikwa kwenye mashine inataja kiwango cha juu ambacho mashine inaweza kutoa, basi. Kiasi kinachoingia kweli kinaamuliwa na gari, kwa kuangalia nyaya zake lenyewe, joto la betri, na chaji iliyokwisha kuwemo.

Nianze na kisa ambacho hakihusiani na joto hata kidogo, kwa sababu ndicho kinachowachanganya watu kuliko vyote.

Dada mmoja ninayefanya naye kazi alinipigia simu akiwa kwenye maegesho, amekasirika. "Kaka, hii mashine imeandikwa kilowati 11. Ya kwangu nyumbani ni 7.4. Mbona hapa gari linaniambia nisubiri saa tano na nusu, na nyumbani kazi hii hii ni saa tatu kasoro?" Gari lake lina betri ya yuniti 60, alikuwa na asilimia 50 na alitaka kufika 80, yaani alihitaji yuniti 18. Nikamwomba asome kilichoandikwa kwenye kioo cha gari, yaani skrini yake, asiisome mashine. Kilisomeka 231 V, 16 A, 3.7 kW.

Ile 16 ndiyo iliyonipa jibu. Mashine zinazotoa umeme wa mkondo geu, yaani umeme wa aina ile ile iliyo kwenye soketi za nyumbani, haziingizi umeme kwenye betri moja kwa moja. Zinalipatia gari umeme huo, na gari linaugeuza kuwa mkondo mnyoofu kwa kutumia chaja yake ya ndani. Chaja ya ndani ya gari la yule dada ni ya fezi moja, yaani inapokea umeme kupitia waya mmoja tu wenye moto, na inaweza kupokea hadi ampea 32. Nyumbani kwake fezi ni moja tu na chaja ya ukutani inatoa ampea 32, kwa hiyo 32 mara 230 ni kama kilowati 7.4. Vinalingana kabisa. Mashine ya pale kwenye maegesho inafikisha kilowati 11 kwa njia nyingine: fezi tatu, kila moja ampea 16. Gari la fezi moja likichomekwa pale linachukua fezi moja na kuziacha mbili, na kwenye ile fezi moja halipati zaidi ya ampea 16. Kilowati 3.7. Theluthi mbili za uwezo wa mashine zimesimama bure, na hakuna kilichoharibika.

Ukiondoa kinachopotea kwenye ugeuzaji wa umeme, pamoja na kinachotumiwa na kompyuta na pampu za gari muda wote wa kuchaji, betri yake nyumbani inapata kilowati 6.7 hivi, na pale ilikuwa inapata 3.3 hivi. Yuniti 18 zikigawanywa kwa 6.7 ni saa mbili na dakika arobaini. Zikigawanywa kwa 3.3 ni saa tano na nusu. Hesabu ya gari ilikuwa sahihi, na hasira ya dada ilikuwa halali pia, maana hakuna mahali popote kwenye ile mashine palipoandikwa neno fezi. Naona hilo ni kosa la kweli la wanaoweka mashine hizi. "11 kW" bila kutaja fezi na ampea ni taarifa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo anayoihitaji mwenye gari la fezi moja.

Dawa yake ilikuwa kuhamia mashine iliyoandikwa 22. Hakuhamia kwa sababu gari lake lingepata 22, lisingepata kamwe. Mashine ya 22 inafikisha namba hiyo kwa ampea 32 kwenye kila fezi, na ampea 32 kwenye fezi moja ndizo anazozipata nyumbani. Kwa gari lake, mashine ya 22 ni sawa na ukuta wa nyumbani, na mashine ya 11 ni nusu yake.

Jinsi mashine na gari vinavyokubaliana kuhusu ampea ni jambo zuri kulijua. Ndani ya kebo kuna waya mwembamba wa mawasiliano. Mashine inatuma humo mapigo ya umeme, mapigo 1,000 kwa sekunde, na urefu wa kila pigo ndio ujumbe: likiwa juu kwa asilimia 27 hivi ya muda, maana yake "usivuke ampea 16", likiwa juu kwa asilimia 53, maana yake "ruksa hadi 32". Mashine inaweza kuubadilisha ujumbe huo wakati wowote. Ndiyo maana mwenzako akija kuchomeka upande wa pili wa mashine inayogawana laini moja, gari lako linaweza kushuka ghafla kutoka ampea 32 hadi 16 bila wewe kugusa kitu. Na kebo nayo ina kauli yake, kwa sababu ndani ya plagi kuna kizuizi kidogo cha umeme kinachotaja uwezo wa nyaya. Ukitumia kebo ya ampea 20, hakuna mashine itakayokupa 32.

Kuna kikomo kingine ambacho watu hukiweka wenyewe. Magari mengi yana sehemu ya kupunguza ampea za kuchajia, na mtu aliyewahi kuchaji kwenye soketi ya kawaida ya ukutani huishusha hadi 10 au 8 ili soketi isiungue. Baadhi ya magari hukumbuka mpangilio huo kwa mahali pale tu, mengine huubeba kila yanapokwenda. Ukiona kioo kinasema 10 A mbele ya mashine ya 32, fungua mipangilio ya gari kabla hujapiga simu ya wenye mashine.

Ukiacha pale mwenzako anapochomeka upande wa pili, vizuizi vyote hivi vina alama moja: namba haitikisiki. Tangu dakika ya kwanza gari linakula 3.7, na saa moja baadaye bado ni 3.7. Joto na kiwango cha chaji havina tabia hiyo. Vikishika, namba inatembea, na mwelekeo inaotembelea ndio unaokuambia ni kipi kati ya hivyo viwili.

Twende sasa kwenye mashine kubwa, zile za mkondo mnyoofu, ambazo zinaipita chaja ya ndani na kupeleka umeme kwenye betri moja kwa moja. Hapa fezi hazina maana tena. Kompyuta ya betri inaiambia mashine kila mara ampea inazozitaka, na mashine inatii. Ikiwa mashine ya kilowati 50 inatoa 22, kwa kawaida ni kwa sababu imeombwa 22.

Kwa nini betri iombe kidogo? Baridi ni sababu ya kwanza. Betri ya lithiamu inapochaji, ioni za lithiamu zinasafiri ndani ya kimiminika na kujipenyeza katikati ya tabaka za grafaiti. Kukiwa na baridi, safari hiyo na kupenya huko vinakuwa vya polepole. Ukilazimisha mkondo mkubwa, ioni zinafika kwenye uso wa grafaiti kwa kasi kuliko zinavyoweza kuingia, na zile zilizokwama zinageuka kuwa chuma cha lithiamu juu ya uso huo. Sehemu ya chuma hicho hairudi tena kazini. Uwezo wa betri unapungua bila kurudi, na kikikua vibaya kinaweza kuunganisha pande mbili za seli kwa ndani. Kompyuta ya betri inajua hatari hiyo, ndiyo maana inabana mkondo sana kadiri betri inavyokaribia nyuzi sifuri za selsiasi, na betri iliyoganda magari mengi hayaichaji kabisa mpaka ipashwe moto kwanza.

Angalia kwamba nazungumzia joto la betri, wala si la hewa. Betri ni mzigo wa mamia ya kilo. Inachukua saa nyingi kupoa na saa nyingi kupata joto. Gari lililolala nje usiku wa baridi, likaendeshwa dakika kumi hadi kwenye mashine asubuhi yenye jua, bado lina betri ya usiku. Lakini gari lililotoka safari ya saa mbili barabara kuu linaweza kufika usiku wa baridi likiwa na betri yenye joto la kutosha na kuchaji vizuri kabisa. Kwa hiyo watu wawili wenye magari yanayofanana, kwenye mashine moja, saa ile ile, wanaweza kupata kasi tofauti mara mbili. Alama ya baridi ni kwamba namba inapanda: unaanza na 22, baada ya muda 28, kisha 35, kwa sababu mkondo wenyewe na hita ya betri vinaipasha.

Baridi inabana hata kwenye mashine ndogo, kwa njia ambayo wengi hawaitegemei. Gari lenye hita ya betri likichomekwa likiwa na baridi, huanza kwa kutumia umeme wa mashine kupasha betri. Tuseme hita inakula kilowati 3. Nyumbani, kwenye 7.4, zinabaki zaidi ya 3 za kuingia kwenye betri, na kwa kuwa umelala huoni chochote. Kwenye ile mashine iliyompa dada 3.7, kinachobaki ni kidogo mno. Asilimia inaweza kusimama palepale dakika nyingi huku mashine ikihesabu yuniti. Umeme haujapotea njiani, umeishia kwenye joto.

Sababu ya pili ni kiwango cha chaji kilichomo, na hapa ndipo baridi na kiwango vinaposhikana mikono. Nitaweka hesabu ndogo, kwa sababu bila hesabu watu hudhani gari linaringa tu.

Chukua betri ya seli 96 zilizopangwa mfululizo, mpangilio wa kawaida kwenye magari mengi. Kila seli ya aina ya nikeli hairuhusiwi kuvuka volti 4.2, kwa hiyo betri nzima haivuki 403. Huo ni ukuta. Sasa, betri inapochajiwa, volti zake hupanda juu ya volti zake za utulivu, na kiasi cha kupanda ni mkondo mara ukinzani wa ndani. Tuseme betri hii ikiwa na joto zuri ina ukinzani wa omu 0.1, na ikiwa na baridi omu 0.3. Ikiwa na asilimia 80, volti zake za utulivu ni kama 384. Ukiipelekea ampea 100 ikiwa na joto, inapanda volti 10 na kufika 394. Bado iko chini ya ukuta. Ukiipelekea ampea hizo hizo ikiwa na baridi, inapanda volti 30 na kufika 414, ambako ni marufuku. Nafasi iliyopo ni volti 19, na 19 gawanya kwa 0.3 ni ampea 63. Kwa hiyo betri ile ile, asilimia ile ile, mashine ile ile, inaomba kilowati 25 badala ya karibu 40.

Endelea kupanda. Kwenye asilimia 97 hivi, volti za utulivu zimefika 399. Zimebaki volti 4 tu. Gawanya kwa 0.3: ampea 13, sawa na kilowati 5 na kidogo. Uko mbele ya mashine ya kilowati 50 na gari linakula pungufu ya linavyokula kwenye ukuta wa nyumbani.

Nyumbani je? Kilowati 7.4 zikifika kwenye betri ni ampea 17 au 18 tu. Hata kwa ukinzani wa baridi, mkondo huo unapandisha volti 5 hivi. Maana yake chaja ya nyumbani inaweza kwenda kwa kasi yake kamili hadi asilimia 96 hivi kabla haijagusa ukuta, wakati mashine kubwa ilianza kupunguzwa zamani. Hapa ndipo ulinganisho wa watu unapopotoka. Nyumbani wanaweka kikomo cha asilimia 80, gari linasimama hapo, na hawaoni kamwe sehemu ya polepole. Wakiwa safarini wanaondoa kikomo, wanaweka 100, na wanaisubiri sehemu ya polepole kwa macho yao. Wanalinganisha vipande viwili tofauti vya betri na kuilaumu mashine.

Ile ya 80 si namba ya uchawi. Kwenye baadhi ya magari mkondo unaanza kupunguzwa kwenye 50, kwa ngazi ngazi, kwa sababu hata grafaiti yenyewe inakuwa kama ukumbi unaojaa: wa kwanza wanakaa popote, wa mwisho wanatafuta kiti kimoja kimoja. Lakini kama njia ya kukadiria, 80 inafaa, na kwa safari ndefu ninachofanya mimi ni kuacha kikomo pale pale kwenye mashine kubwa na kwenda zangu. Kutoka 80 hadi 100 kunaweza kuchukua muda sawa na kutoka 20 hadi 80, na muda huo ni bora uutumie barabarani ukielekea mashine inayofuata, ukifika ukiwa na betri iliyo chini na yenye joto. Hiyo ndiyo hali ambayo betri inaomba mkondo mkubwa zaidi. Kama gari lako lina kitufe cha kupasha betri kabla ya kuchaji, au linaanza lenyewe ukiweka kituo cha kuchajia kama mwisho wa safari kwenye ramani, litumie, na lipe nusu saa. Kubonyeza ukiwa umebakiza dakika tano hakusaidii.

Kuna hali moja ambapo ninaacha msimamo huo. Betri za aina ya chuma na fosfeti volti zao hazibadiliki sana katikati ya chaji, kwa hiyo kompyuta hushindwa kujua asilimia kamili mpaka ifike juu kabisa. Watengenezaji wengi wanataka zijazwe hadi 100 mara kwa mara. Fanya hivyo nyumbani usiku, ambako mwisho wa polepole haumsumbui mtu.

Joto kali nalo linabana, ingawa kwa sura tofauti. Hapa gari huanza kwa nguvu, kisha namba inashuka wakati asilimia bado iko chini, tuseme 45, ambapo kiwango cha chaji hakiwezi kulaumiwa. Inaweza kuwa betri imepata joto baada ya mwendo wa kasi na kuchajiwa mara mbili tatu kwa siku moja, hasa kwenye magari yasiyo na kipoza cha maji kwenye betri. Inaweza pia kuwa plagi. Ndani ya plagi na tundu la gari kuna vihisi joto, na mguso uliolegea au uliochafuka unapata moto, ndipo mkondo unapunguzwa ili plastiki isiyeyuke. Gusa mpini wa plagi baada ya nusu saa. Vuguvugu ni kawaida; ukiwa wa moto kiasi cha kutaka kuuachia, simamisha chaji na uhamie mashine nyingine. Kosa hili linaweza kuwa la mashine kweli, na linapaswa kuripotiwa.

Ukiripoti, usiseme tu "inachaji polepole", kwa sababu jibu utakalopewa ni kwamba gari ndilo lililoomba hivyo, na huenda wako sahihi. Piga picha ya kioo cha gari mara mbili, ukipishanisha dakika kumi, zionekane volti, ampea, asilimia, na joto la betri kama gari lako linalionyesha. Kisha, kama kuna mashine ya pili jirani, hamia huko papo hapo kabla betri haijabadilika na upige picha ya tatu. Ikiwa ya pili inatoa ampea 120 kwa gari lile lile, kwenye asilimia ile ile, pale ya kwanza ilipokuwa inatoa 60, hawana tena la kusema kuhusu gari lako.